Kutambua mashine ya sukari kwa picha na kupata stripu zake: Accu-Chek iliyofutika jina

*Aliuliza mwenzetu:* «Mjomba amemletea bibi mashine ya kupima sukari kutoka Dubai. Imeshatumika, haina boksi wala stripu. Mbele inasomeka Accu-Chek tu, neno la chini yake limefutika. Famasi mbili zimeniuliza "Accu-Chek ipi?" nikakosa jibu. Picha hizo hapo. Ninunue stripu gani?»

Ndugu yangu, kwa picha ulizoweka hiyo ni Accu-Chek Active ya toleo la zamani, na stripu zake ni zile tu ambazo boksi lake limeandikwa Accu-Chek Active. Nimefanya kazi kaunta ya famasi hapa Tanga kwa miaka mingi, na wateja wanaokuja na picha kwenye simu badala ya mashine yenyewe ni wengi kuliko unavyodhani, kwa hiyo nitakueleza nilichokitazama ili nawe uweze kukihakiki ukiwa na mashine mkononi.

Jina la Accu-Chek ni la ukoo mzima. Ndani yake kuna Active, Performa, Aviva, Instant na Guide, na kila moja ina stripu yake. Sura ya mbele hudanganya, hasa kwa Performa na Aviva ambazo zimefanana umbo kiasi kwamba picha ya mbele peke yake haitoshi kuzitenganisha. Ndiyo maana jicho langu halikuanzia kwenye kioo, bali lilianzia mahali stripu inapoingia.

Katika picha yako ya kwanza, sehemu ya kuingizia stripu ni njia pana iliyo wazi upande wa juu, ambamo stripu hulala na kiraba chake cha mraba kikabaki juu kinaonekana. Hiyo ni alama ya Active. Mashine hii hupima kwa mwanga: damu hudondoshwa juu ya kiraba hicho, kiraba hubadilika rangi, na mashine huangaza taa na kusoma kiasi cha mwanga unaorudi. Ndugu zake Performa, Instant na Guide hupima kwa umeme. Stripu zao huchomekwa kwenye tundu jembamba, na damu huguswa kwenye ncha au ukingo wa stripu ikajivuta yenyewe kuingia ndani. Kama ingekuwa Instant, ungeona pia utepe wa rangi pembeni mwa kioo unaoonyesha kama kipimo kiko juu, chini au katikati.

Jambo la pili nililoliona ni uwazi mdogo ubavuni mwa mashine. Hapo huwekwa chipu, yaani kile kipande kidogo cha plastiki kinachokuja ndani ya boksi la stripu. Active za karibuni hazihitaji chipu, lakini yako ina nafasi yake, na nafasi hiyo inaonekana tupu. Hapa ndipo watu wengi hukwama baada ya kupata jina sahihi. Mashine ya namna hiyo bila chipu haipimi, na chipu ya boksi moja haifai kwa stripu za boksi jingine, kwa sababu inabeba taarifa za kundi lile la stripu. Unapowasha mashine, namba ya tarakimu tatu inayotokea kwenye kioo lazima iwe ile ile iliyochapwa kwenye kichupa cha stripu kilichomo ndani ya boksi. Kwa hiyo unapouliza famasi, usiulize tu kama wana stripu za Active; mwambie mhudumu kwamba mashine yako ni ya chipu, naye afungue boksi mbele yako mkaione. Lisilo na chipu liache hapo hapo.

Kwa sababu hiyo hiyo sikushauri kununua stripu za kuhesabiwa, zile zinazotolewa kumi kumi kwenye kimfuko cha plastiki. Naelewa kwamba boksi zima ni ghali kwa mkupuo mmoja, lakini stripu ya kimfukoni imeshaachana na chipu yake, namba ya kundi na tarehe ya kwisha muda, na imekaa kwenye unyevu. Kichupa cha asili kina dawa ya kukausha hewa, na stripu za Active hutakiwa kutunzwa humo kati ya nyuzi 2 na 30. Kwa joto la pwani hii, hata dirishani pa jua si mahali pake.

Sasa picha ya pili, ya nyuma. Mwanga wa kamera umefuta nusu ya maandishi ya kibandiko. Zima flashi, ulaze mashine karibu na dirisha na upige kwa kuinamisha simu kidogo. Hata hivyo, pembeni nimeweza kusoma kitu ambacho hukukiuliza nacho ni kikubwa kuliko vyote: mg/dL. Mashine hiyo huhesabu kwa miligramu, ilhali kadi za kliniki zetu nyingi huandikwa kwa mmol/L. Kipimo hicho huwekwa kiwandani na huwezi kukibadilisha nyumbani, wala kununua stripu hapa hakutakibadilisha, kwani stripu ni zile zile. Utakachofanya ni kugawa kwa 18. Kioo kikionyesha 126, bibi ana 7.0, kikionyesha 153, ana 8.5. Bandika karatasi yenye mifano michache kwenye kipochi cha mashine, na kwenye daftari la bibi andika namba iliyokwisha kugawanywa, ili daktari asikutane na mchanganyiko wa aina mbili katika ukurasa mmoja.

Ukishapata boksi, usianze na kidole cha bibi. Mashine imesafiri na imetumika, na kwa kuwa hii husoma kwa mwanga, uchafu au damu iliyokauka kwenye kidirisha cha ndani huharibu majibu. Ondoa kifuniko chake, ufute kwa kitambaa laini chenye maji kidogo tu na uache kikauke. Kisha uliza famasi kama wana maji ya majaribio ya Accu-Chek Active, ambayo unayadondosha kwenye stripu badala ya damu. Jibu linatakiwa liangukie kati ya namba mbili zilizochapwa kwenye kibandiko cha kichupa, na huko soma mstari wa mg/dL.

Yasipopatikana, stripu hii ina msaada ambao zile za umeme hazina. Nyuma yake kuna kijidirisha cha duara. Baada ya kupima, kigeuze ulinganishe rangi yake na madoa ya rangi yaliyochapwa kwenye kichupa, ambayo kila moja lina namba yake. Hakitakupa jibu la uhakika, lakini kama kioo kinasema 90 na rangi imekolea hadi doa la 250, basi kuna jambo haliko sawa na namba hiyo isitumike kuamua dozi ya dawa.

Kabla ya kufunga safari, tuma famasi ujumbe huu pamoja na picha ya ubavu wenye uwazi: «Natafuta stripu za Accu-Chek Active, mashine ya chipu, boksi lililofungwa lenye chipu ndani, naomba tarehe ya kwisha muda.» Wakikujibu kwamba za chipu hawana, usikubali kubadilishiwa na Performa au Instant kwa maelezo kwamba ni kampuni moja. Ukizunguka famasi kubwa za mjini ukakosa, nunua mashine nyingine, lakini uchague kwanza stripu ambayo famasi ya karibu na bibi huwa nayo mwezi hadi mwezi, kisha ndipo uulize mashine yake.