Mguu wa kisukari: kidonda kisichouma kinapofika kwenye mfupa

Muulize mgonjwa wa kisukari mwenye kidonda unyayoni kama kinamuuma. Mara nyingi atasema hapana, kinatoa majimaji kidogo tu, kitakauka. Hasemi uongo. Kweli hakimuumi, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu sisi sote tumezoea kupima ukubwa wa kidonda kwa maumivu yake. Mguu uliokufa ganzi hauna kipimo hicho. Lazima upimwe kwa njia nyingine, na njia hizo zipo.

Tuanze na ganzi yenyewe. Sukari ikikaa juu kwa miaka, huharibu mishipa ya fahamu, na ile mirefu zaidi, inayofika vidoleni, ndiyo inayoanza kuharibika. Inayobeba hisia ikifa, mtu anakanyaga msumari, au anaingiza mguu kwenye beseni la maji ya moto, asijue mpaka aone damu kwenye kandambili au malengelenge asubuhi. Watu wengine hung'atwa na panya vidoleni usiku na hawaamki. Inayoendesha misuli midogo ya mguu ikifa, vidole hujikunja kama makucha, na uzito wa mwili huangukia sehemu chache za unyayo. Hapo hujengeka sugu. Sugu ile ni ngumu kama kijiwe ndani ya kiatu: kila hatua inabonyeza nyama iliyo chini yake, damu inavilia humo, kisha kunafunguka kidonda ambacho kwa juu huonekana kama tundu dogo. Na mishipa inayotawala jasho ikifa, ngozi hukauka na kupasuka visigino. Kila ufa ni mlango.

Unaweza kupima ganzi nyumbani bila kifaa chochote. Mgonjwa alale afumbe macho. Gusa kwa wepesi, kwa ncha ya kidole chako cha shahada, ncha ya kidole gumba cha mguu, ya kidole cha kati na ya kidole cha mwisho, kila mguu, sekunde moja au mbili kila mahali. Usibonyeze wala usipapase. Aseme ni mguu upi umeguswa. Sehemu ni 6 jumla; asipohisi 2 au zaidi, huyo ana ganzi ya kutosha kuumia bila kujua, na miguu yake inatakiwa kutazamwa kila siku na mtu mwenye macho mazuri, pamoja na katikati ya vidole. Wanaotawadha mara tano kwa siku wakaushe vizuri hapo katikati, maana unyevu ukikaa ngozi hulainika na kuchanika.

Upande wa pili ni damu. Kisukari huziba ateri, hasa zile za chini ya goti. Ngozi nzima isiyo na jeraha huweza kuishi kwa damu kidogo sana, ndiyo maana mguu unaweza kuonekana mzima kabisa. Ila ukipata kidonda, mahitaji hupanda mara nyingi zaidi: chembe nyeupe za kupambana na vijidudu husafiri kwa damu, oksijeni husafiri kwa damu, na dawa ya antibayotiki uliyomeza nayo husafiri kwa damu. Njia ikiziba, unameza dawa sahihi kwa kiwango sahihi na haifiki. Mwenye ateri zilizoziba kwa kawaida huumwa misuli ya mguu akitembea mwendo mrefu, lakini ganzi inaweza kuificha dalili hiyo pia.

Sasa mfupa. Kwenye kidole cha mguu, kutoka ngozi hadi mfupa ni milimita chache tu, wala hakuna nyama nene ya kuzuia. Bakteria, mara nyingi stafilokokasi, wakiingia kwenye kidonda kinachoendelea kukanyagwa, kila hatua inawasukuma ndani. Wanafuata kano, ambazo zimelala ndani ya mifereji inayokwenda hadi katikati ya unyayo, ndiyo maana kidonda cha kidole kinaweza kutoa usaha kwenye unyayo. Wakifika kwenye mfupa hula ganda lake la nje kisha wanaingia kwenye uboho. Usaha ukijaa humo unabana vijishipa vya damu vya mfupa, na kipande cha mfupa kinakufa. Kipande kilichokufa hakipati damu tena, kwa hiyo hakipati dawa, na bakteria wanajificha humo. Kidonda kitafunga juu, mtafurahi, halafu baada ya wiki chache kitapasuka tena pale pale.

Ukali wa maambukizi hupimwa kwa madaraja manne, na madaktari wa nchi nyingi hutumia mpangilio huo huo. Kwanza inaulizwa kama kuna maambukizi kweli. Kidonda kuwepo si maambukizi. Zinatakiwa dalili mbili au zaidi kati ya hizi: uvimbe au ugumu, wekundu unaozidi nusu sentimita kuzunguka kidonda, joto, maumivu, na usaha. Zisipokuwepo ni daraja la 1, na antibayotiki haihitajiki. Zikiwepo, lakini wekundu haujafika sentimita 2 na tatizo liko kwenye ngozi tu, ni daraja la 2, yaani hafifu. Wekundu ukifika sentimita 2 au zaidi, au maambukizi yakiingia kwenye kano, msuli, kiungo au mfupa, ni daraja la 3. Daraja la 4 ni pale mwili mzima unapoitikia, na hili tutalirudia kwenye mfano.

Neno “wekundu” linawapotosha wengi, kwa sababu kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kama kwenye picha za vitabuni. Tafuta ngozi iliyoiva, iliyokolea weusi au kuelekea zambarau, inayong'aa na kukaza. Halafu weka mgongo wa mkono wako hapo, kisha mahali hapo hapo kwenye mguu wa pili, ulinganishe joto. Chora mpaka wa weusi huo kwa kalamu ya wino na uandike saa. Weusi ukivuka mstari kesho, maambukizi yanatembea, hata kama mgonjwa anakula na kucheka.

Tuchukue mfano. Mwanamume wa miaka 60, kisukari miaka 12, anavaa kandambili. Msumari umepenya na kumchoma chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia. Ameona damu jioni. Nyumbani wamemwaga unga wa kapsuli kwenye kidonda na kukifunga. Hili hufanyika sana na halisaidii: unga unafanya gamba juu, usaha unabaki chini. Siku ya 12 kidole kimevimba chote kwa unene mmoja kama soseji, sura ambayo peke yake inatosha kushuku mfupa. Weusi umesambaa sentimita 3. Sukari yake, ambayo kwa kawaida ni 9, imekuwa 19 bila kubadili chakula. Hana homa: joto ni 37.4.

Kituoni wanampima mwili. Vipimo ni vinne: joto juu ya 38 au chini ya 36, mapigo ya moyo zaidi ya 90 kwa dakika, pumzi zaidi ya 20 kwa dakika, na chembe nyeupe za damu zaidi ya 12,000 au chini ya 4,000. Viwili vikitimia ni daraja la 4. Mapigo yake ni 96, pumzi 18, chembe nyeupe 13,500. Viwili vimetimia. Mtu huyu asiye na homa wala maumivu ana maambukizi makali, na anatakiwa kulazwa leo. Anayesubiri homa kwa mgonjwa wa kisukari anaweza kuisubiri mpaka mguu uishe.

Daktari anasafisha kidonda, kisha anaingiza kwa upole kijiti butu cha chuma kilichochemshwa kwa mvuke. Kinagonga kitu kigumu chenye mikwaruzo, kama kugusa jiwe. Huo ni mfupa. Kipimo hiki ni rahisi na kina nguvu, ila si cha kufanya nyumbani kwa sindano au njiti. ESR, kipimo cha damu kinachopanda wakati wa uvimbe wa ndani, ni 85. Ikizidi 70 pamoja na kidonda kama hiki, shaka ya mfupa inakuwa kubwa. Eksirei inaonekana safi. Hapa ndipo wengi hurudishwa nyumbani kimakosa, maana mfupa hauonyeshi madhara kwenye eksirei mpaka wiki 2 hadi 3 zipite. Picha safi ya siku ya 12 haimtoi mtu hatarini. Irudiwe baada ya wiki hizo, au apigwe MRI ikipatikana. Kwenye jalada lake wanaandika 4(O), herufi hiyo ikimaanisha mfupa umeingiliwa.

Bado damu. Presha ya mkono wake ni 140, ya kifundo cha mguu ni 196. Ukigawa ya kifundo kwa ya mkono unapata 1.4. Mtu asiyejua atasema damu inafika vizuri sana. Sivyo. Jibu likizidi 1.3, maana yake kuta za ateri zimejaa chokaa na mkanda wa presha hauwezi kuzibana, kwa hiyo namba hiyo haiaminiki. Vidole haviathiriki hivyo kwa kiasi hicho, basi hupimwa presha ya kidole chenyewe. Yake ni 42. Ingekuwa chini ya 30, angehitaji mtaalamu wa mishipa ya damu kwa haraka sana, maana bila kufungua njia ya damu kidonda hakina matumaini ya kupona. Kwa 42 bado anahitaji kuchunguzwa ateri, ila usaha hausubiri.

Anapewa antibayotiki kwa mshipa, insulini, na ndani ya siku moja au mbili anapasuliwa kutoa usaha na nyama iliyokufa. Kipande cha mfupa kinapelekwa maabara kuotesha bakteria. Pamba ya kufuta juu ya kidonda haitoshi, kwa sababu inaokota vijidudu vya ngozi na unaishia kutibu wasiohusika. Maambukizi ya ngozi na nyama hutibiwa wiki 1 hadi 2. Mfupa uliobaki bila kukatwa huhitaji wiki 6 hivi. Uliokatwa, maabara ikaonyesha bakteria bado wamo kwenye ukingo uliobaki, hadi wiki 3.

Wakati wote huo mguu usikanyagwe. Kidonda cha unyayoni kinachoendelea kubeba kilo 70 hakifungi kwa dawa yoyote. Na kikifunga, usihesabu kwamba mfupa umepona. Hesabu miezi 6 bila kidole kuvimba wala kidonda kufunguka.