Barua kwa mwanangu: mafungu yanapozidi mali

"Baba, rafiki yangu amefariki, kaacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Nimejumlisha mafungu yao mara tatu na kila mara yanazidi mali yenyewe. Nimekosea wapi?"

Mwanangu mpendwa,

Hujakosea popote. Umefika kwenye auli, yaani mafungu kuzidi mali.

Nimepanga mafungu kama ulivyoyapanga wewe. Marehemu ana watoto, kwa hiyo mke ana thumni (1/8), mabinti wawili wana theluthi mbili, na baba na mama kila mmoja ana sudusi (1/6). Asili ya mafungu, yaani idadi ya vipande tunavyoigawa mali, ni 24. Mke anapata 3, mabinti 16, baba 4, mama 4. Jumla ni 27, na 24 haiwezi kutoa 27. Hapo usipunguze fungu la mtu mmoja peke yake. Waache wote na idadi zao zile zile za vipande, ila mali igawe vipande 27 badala ya 24.

Umeniandikia kwamba baada ya gharama za mazishi, madeni na wasia imebaki 5,400,000. Igawe kwa 27, kila kipande ni 200,000. Mke anachukua 600,000, mabinti 3,200,000 (1,600,000 kila mmoja), baba 800,000 na mama 800,000. Jumlisha uone: haibaki hata senti, wala haipungui. Thumni ya mke ingekuwa 675,000, sasa ni 3 kati ya 27, yaani moja ya tisa. Imesimuliwa kwamba Sayyidna Ali aliulizwa juu ya warithi hawa hawa akiwa kwenye mimbari, akajibu papo hapo kwamba thumni yake imekuwa tusui. Ndiyo maana wanachuoni wanaiita Mimbariya.

Jambo hili lilianza zama za Sayyidna Umar. Alifariki mwanamke akaacha mume na dada wawili. Mume ana nusu, dada wana theluthi mbili, na zote ziko kwenye Suratun-Nisaa. Umar hakuona katika maandiko ni nani wa kutangulizwa na nani wa kucheleweshwa, akawashauri masahaba, wakaona upungufu uwaingie wote kwa kiasi cha haki zao. Ni kama wadai wa mtu aliyefilisika: asiyedai kingi hapotezi kingi, lakini hakuna anayeondoka na deni lake kamili huku mwenzake akiambulia makombo. Asili ya 6 ikawa 7, mume akapata 3 na dada 4. Mimi naliona hilo ndilo la haki, na madhehebu manne ya Sunni yote yameshika njia hiyo.

Nakueleza hili kwa sababu ujanani nilikaa kwenye kikao cha mirathi cha warithi kama hawa, na mgawaji akamlipa mjane thumni kamili, akawapa wazazi sudusi zao kamili, kisha akawaambia mabinti wachukue kilichobaki. Nakumbuka mkubwa alivyokuwa akihesabu kwa vidole chini ya mtandio, hajui aulize nini. Rai hiyo ipo: ni ya Ibn Abbas, aliyeipinga auli baada ya Umar kufariki, na Mashia wa Jaafari wanaifuata. Lakini familia ile haikuwa ya madhehebu hayo, na hakuna aliyewaambia mabinti kwamba wanagawiwa kwa rai nyingine. Kwa mali uliyonitajia, njia ile ingewaachia vipande 13 kati ya 24, yaani 2,925,000. Wangepungukiwa 275,000, na mabinti wasingejua.

Basi muulize kwanza kila mrithi anafuata madhehebu gani. Kisha hakikisha kweli hakuna mtoto wa kiume, maana akiwepo mmoja tu auli inaondoka. Mabinti wanaacha theluthi mbili na kuwa asaba, yaani warithi wa kinachobaki, pamoja na ndugu yao: mke anarudi kwenye 675,000, wazazi kwenye 900,000 kila mmoja, na 2,925,000 inayobaki wanagawana watoto, mwanamume sawa na wanawake wawili.

Kwa hiyo, kabla hujawasomea hesabu, mwombe mama yako amuulize mjane faraghani kama ana mimba. Ikiwa anayo, bora msigawe mpaka ajifungue. Akizaliwa binti, vipande 16 watagawana watatu na 27 itabaki pale pale. Akizaliwa mvulana, karatasi yako yote inaandikwa upya.

Baba yako