Mipira ya theluji kwenye mvua ya masika

"Fundi, nimeagiza Noah kutoka Japani. Mipira imekuja na kashata nene, zenye chanjo ndogondogo tele. Fundi mpira kanambia nisiitoe, kwamba mpira laini ndio unaoshika kwenye mvua. Lakini njia ya Chake hadi Mkoani, nikikanyaga breki kwenye maji, gari inaserereka. Nipunguze upepo?"

Upepo uache kama kibandiko cha mlango wa dereva kinavyosema. Tazama ubavuni mwa mpira. Ukikuta neno STUDLESS, au mchoro wa mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani, basi umenunua gari pamoja na mipira ya theluji.

Hili la "laini ndio inashika" nimechoka kulisikia. Mpira ule umechanganywa ubaki laini joto likishuka chini ya nyuzi 7. Hapa hata usiku wa mvua hatufiki huko, na mchana wa jua lami hupita nyuzi 50. Ukifunga breki, vile vipande vilivyochanjwa vinalala ubavu badala ya kusimama imara, na gari inachelewa kusimama. Pitisha kiganja juu ya kashata, kwenda na kurudi. Upande mmoja ukipita vizuri na wa pili ukakukwaruza kama msumeno, ndiyo alama yake.

Kashata nene nazo zinawadanganya wengi. Kazi ya mifereji ni kutoa maji tu. Kinachoshika ni mpira wenyewe ukigusa kokoto. Pale lami ilipozeeka na kokoto zikang'aa, kushika kunategemea zaidi mchanganyiko wa mpira kuliko michoro. Kwa hiyo tafuta mpira wa kawaida wa joto, saizi ile ile iliyoandikwa kwenye kibandiko, wenye mifereji mitatu au minne mipana inayozunguka gurudumu, na njia za kando za kutolea maji. Ubavuni soma TRACTION iwe A au AA, na TEMPERATURE A, au B kwa uchache. Alama ya TRACTION hupimwa kwa breki ya kwenda moja kwa moja kwenye maji, kwa hiyo kwenye kona haikuhakikishii kitu.

Soma na tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT hapo ubavuni, ndiyo tarehe ya kutengenezwa: 3816 ni wiki ya 38 ya mwaka 2016. Mpira wa umri huo umeshakauka, kashata ziwe nene vipi.

Na wale wanaochonga mifereji kwenye mipira yenye vipara kwa chuma cha moto wakauza "mpira wa mvua" wanauza hatari. Chini ya mfereji wa mpira wa gari ndogo kumebaki ngozi nyembamba tu kabla ya waya. Wakiikata, maji yanaingia, waya unaota kutu, na siku ya joto umebeba abiria kashata nzima inabanduka. Mpira unaoruhusiwa kuchongwa ni wa lori, ulioandikwa REGROOVABLE ubavuni. Usioandikwa hivyo, usiununue hata kwa bei ya embe.