Tathmini ya nesi bila kumwanika mgonjwa

"Najaza tathmini ya nesi wangu wa wodi ya wazazi. Nielezeje kazi yake bila kutoa siri za wagonjwa?"

Andika alichofanya nesi, si yaliyompata mama. Anayedhani kufuta jina kunatosha amepatia nusu: ukiandika "mama wa mapacha aliyetokwa damu Jumapili usiku", wodi nzima inamjua. Futa na siku, umri, kitanda na kijiji. Ibaki hivi: "Mzazi alipotokwa damu nyingi, aliita msaada papo hapo, akaanza kukanda mfuko wa uzazi, akamgawia kila mwenzake kazi, kisha akaieleza familia kwa utulivu." Huduma na ushirikiano vyote vimo humo.

Kuhusu uandishi wake wa kumbukumbu, pitia patografu kadhaa za zamu zake, yaani chati za kufuatilia uchungu wa kujifungua. Mapigo ya moyo wa mtoto huandikwa kila nusu saa. Ukiona namba ileile imejirudia mstari mzima, kwa mwandiko wa mkupuo mmoja, huenda zilijazwa mwisho wa zamu. Muulize kabla hujampunguzia alama. Pengine alikuwa peke yake na akina mama watano wenye uchungu. Namba za mafaili ziache wodini.