Madogo wa takwimu, USG% sio bomba la kufungulia tu

Madogo mnaoanza kushika takwimu za timu ya kikapu, wiki hii nimemwona tena mmoja wenu anampelekea kocha chati, huku USG%, yaani sehemu ya mashambulizi ya timu anayoyamalizia mchezaji akiwa uwanjani, kule TS%, yaani shabaha ukihesabu pointi tatu na mitupo huru, vidoti vinapanda, na chini kaandika eti anayerusha sana ndo mwenye shabaha. Nilicheka, halafu nikanyamaza, maana mimi nilifanya vibaya zaidi.

1. Chati ya wachezaji wote haijibu kama kurusha zaidi kunaleta shabaha. Mipira anapewa yule ambaye tayari anafunga, sasa vidoti visipande kwa nini? Mlinganishe mtu na yeye mwenyewe, kabla na baada ya mzigo kuongezeka.

2. Usiishie kwenye FG%, yaani asilimia ya mitupo inayoingia bila kuhesabu mitupo huru. Kevin Durant alipoondoka Oklahoma City ya NBA 2016, USG% ya mwenzake Russell Westbrook ilitoka 31.6 ikafika 41.7, na FG% ikashuka toka 45.4 hadi 42.5. Wengi wanaishia hapo, "si mnaona". Ila TS% ilikuwa 55.4 msimu wa mwisho na Durant na 55.4 msimu uliofuata, kwa sababu alianza kwenda kwenye mitupo huru kama mara 10 kwa mechi badala ya 7, na pointi tatu zake zikaingia zaidi. Sio kwamba mzigo haukumla, labda alikuwa ameiva na mzigo ukala kile alichoongeza, namba hizo peke yake hazitenganishi.

3. Haya, aibu yangu sasa. Tulikuwa na senta, anarusha mara 6 kwa mechi, zinaingia 4. Mimi na kalkuleta yangu nikamwambia kocha huyu ni asilimia 67, tumpe mara 14 tutaua watu. Kocha, Mungu amsamehe, akanisikiliza. Mechi ya kwanza karusha 14, zimeingia 6, na tumefungwa. Usiku ule nikakaa na video nikahesabu mmoja mmoja: zile 6 za kawaida zilikuwepo vilevile, danki za pasi za juu na mipira ya kuokota chini ya ringi, 4 ndani. Zile 8 nilizomwongezea mimi ziliingia 2, zote 8 kaipa mgongo ringi, wawili wamemganda, saa ya sekunde 24 za kushambulia inaisha. Yaani wastani wake ulikuwa wa mitupo rahisi ambayo haizaliani, nikaupiga mara 14 kama bei ya nyanya. Na yeye ndo alizomewa uwanjani, mimi nimekaa benchi na laptopu.

4. Andikeni aina ya mtupo na sekunde zilizobaki, kila mtupo.

5. Na mkimpunguzia mtu mipira, semeni nani ataichukua. Yule anayerusha mipira mibaya ya sekunde ya 22 TS% yake inachafuka, lakini wenzake ndo wanabaki na ile mizuri, kwa hiyo angalieni TS% zao dakika ambazo yeye yuko nje kabla hamjamwita mchoyo.