Roli kumi hazitoshi: kwa vijana mnaoanza kuziba mapaa ya zege

Wiki iliyopita kijana ninayemfundisha kazi alinitumia meseji: "Shikamoo mzee. Paa ni mita 12 kwa 8, yaani mita za mraba 96. Roli moja inatoa 10. Naagiza roli 10 na kipande kitabaki." Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Hesabu hiyo niliwahi kuipiga mimi, kwa kujiamini kuliko yeye, na ilinigharimu kama nitakavyowasimulia. Basi kaeni.

1. Roli ya membreni, ule mkeka wa lami wa kuzuia maji tunaoubandika kwa moto, ina mita 1 kwa 10 lakini haifuniki mita za mraba 10. Ubavuni kila mkanda unalalia mwenzake sentimita 10, kwa hiyo ukiacha wa kwanza, kila mkanda unaongeza sentimita 90 tu. Kwenye paa la huyu kijana, ukilaza kufuata urefu wa mita 12, upana wa mita 8 unataka mikanda 9. Kila mkanda una walau kiungo kimoja cha mwisho wa roli, na hapo mlalio ni sentimita 15. Ukijumlisha unapata kama mita 109 na nusu: roli 11 zimekwisha na kilichobaki hakitoshi hata kufunika beseni.

Na hapo hujagusa ukuta. Parapeti, ule ukuta mfupi wa ukingoni mwa paa, inazunguka mita 40. Vipande vya kupanda ukutani tunavikata kukatisha roli, kila kimoja upana wa mita 1 na urefu wa sentimita 50, navyo vinalaliana sentimita 10. Unahitaji 45, roli moja inatoa 20, kwa hiyo roli mbili na robo. Andika 3. Ongeza moja ya pembe, matundu ya maji na yule kijana atakayeunguza kipande kwa bana ya gesi huku anaangalia simu. Jumla 15. Wewe uliandika 10, mdogo wangu.

2. Skridi, lile tabaka la mchanga na saruji la kuelekeza maji kwenye tundu, nayo ina hesabu yake, maana haina unene mmoja. Mnaona mchoro umeandika milimita 40, mnazidisha kwa paa zima. Hizo 40 ni pale kwenye tundu la maji tu, penye kina cha mwisho. Mteremko wa 1 kwa 80 kwenye mita 8 unapandisha sentimita 10, kwa hiyo upande wa juu skridi ina sentimita 14. Wastani ni 9. Kwa mchanganyiko wa 1 kwa 4, paa hilo linakula mifuko kama 64 ya saruji, wakati aliyezidisha kwa sentimita 4 ataagiza 28 au 29 na kukwama katikati ya kazi. Kabla hujaagiza hiyo 64, mpigie injinia: umemwekea slabu yake karibu tani 18. Mara nyingi atakwambia sogeza matundu au teremsha pande mbili ili unene upungue, na hilo ni bora ulisikie kabla mchanga haujapanda juu.

Weka vidoti vya kimo kwa kamba na pima maji kabla ya kumwaga. Macho hayaoni sentimita 1 kwenye sentimita 80, hata ya fundi wa miaka ishirini.

Pembeni, pale skridi inapokutana na parapeti, jaza fileti ya saruji iliyolala mshazari, sentimita 5 kwa 5. Membreni haipendi kukunjwa pembe kali. Itapasuka hapo hapo.

3. Sasa dhambi yangu. Ilikuwa nyumba ya mama mmoja Mbezi, paa dogo, alitaka kuweka vigae apate pa kupunga upepo jioni. Nilikuwa nimeagiza roli kwa hesabu ile ile ya kugawanya kwa kumi. Katikati ya paa kuisha, roli zimebaki kiduchu na parapeti yote bado. Kumwambia mama aongeze hela niliona aibu. Nikavikata vipande vifupi ili vienee: ukutani vikapanda sentimita 10. Ncha ya juu sikuichimbia mfereji, niliibandika tu kwenye plasta na kuipaka mastiki.

Nikaziba tundu, nikajaza maji sentimita 5, nikayaacha saa 48. Chini dari kavu kabisa. Mama akafurahi, akanimalizia hela na juu yake akanipa kuku.

Kisha akaja fundi vigae, naye akafanya kazi yake vizuri. Skridi ya kinga juu ya membreni, sentimita 5. Vigae na udongo wake, sentimita 3. Piga hesabu: kwenye zile 10 zangu zimebaki 2 juu ya kigae, tena zimefichwa nyuma ya skatingi. Jaribio langu la maji halikuwa la uongo, ila lilipima paa ambalo halikuwepo tena.

Masika ilipofika, majani ya mwembe wa jirani yakaziba tundu. Maji yakasimama vidole viwili, vitatu juu ya vigae, yakaipita ncha ya membreni na kuingia nyuma yake. Simu ikalia alfajiri: "Mwanangu, taa ya sebuleni inalia machozi."

Nilichofanya nakieleza kwa aibu. Doa liko katikati ya sebule, basi nikapanda juu, nikavunja vigae katikati ya paa, nikaweka kiraka kwenye membreni nzima isiyo na kosa. Mvua ikarudi, taa ikalia tena. Nikavunja vingine. Sikuwa najua kuwa maji yakishaingia chini ya membreni yanatembea juu ya skridi na slabu mpaka yapate upenyo, na upenyo wa kwanza ulikuwa bomba la waya wa taa. Doa linakuonyesha maji yalipotokezea tu, si yalipoingilia.

Mara ya tatu nilikaa juu ya parapeti nimechoka, nikachomoa kipande cha skatingi kwa ncha ya mwiko bila sababu ya maana. Membreni ikafunguka kwa kidole kama ganda la mgomba, nyuma yake plasta imelowa. Nikaweka futi: sentimita 2. Nilikaa pale muda mrefu.

Kurekebisha, niling'oa safu nzima ya vigae kuzunguka paa, nikachimba mpaka membreni ya chini, nikaweka vipande vipya. Vigae nilinunua mimi. Saruji mimi. Mama hakunigombeza hata mara moja, akawa ananiletea chai tu, na hilo liliniuma zaidi.

Kwa hiyo futi inaanzia juu ya kigae cha mwisho. Sentimita 15 ndiyo chini kabisa, mimi naweka 20. Ongeza 8 za kinga na vigae, 2 za kuingia kwenye mfereji wa ukutani, 15 za kulala chini: 45. Ndiyo maana nakata 50.

4. Mengine kwa kifupi. Usichome juu ya skridi mbichi. Bandika nailoni ya mita 1 jioni, ukikuta jasho chini yake asubuhi, subiri, la sivyo membreni itavimba malengelenge. Praima ikauke isinate kidoleni. Anza kulaza kwenye tundu ukipanda juu, kama anavyoezeka makuti. Viungo vya mwisho vya roli visikae mstari mmoja. Ukichoma mlalio, lami itoke uzi mwembamba ukingoni. Usipouona, pitisha ncha ya mwiko, itaingia.

5. Mlango wa kutokea juu ya paa. Parapeti unaweza kuipandishia membreni utakavyo, lakini kizingiti kikiwa sentimita 10 juu ya slabu, ukishaweka skridi na vigae huna pa kuipandisha. Kipimeni kabla fremu haijasimama. Yule kijana nilimuuliza mlango wake una kimo gani. Akaniambia, "Ngoja nipande nikapime." Mpaka sasa hajanijibu.