Ukuta wa kati una mzigo au hauna?

Juu ya dirisha la sebule pametokea ufa unaopanda kwa mshazari kutoka kwenye pembe. Nimepiga plasta mara mbili, warudi vile vile. Nyumba ni ya mawe ya kuchonga, paa la mabati. Ni kitu cha kuogopa? (Bamburi)

Mawe yaliyopangwa vizuri yana tabia ya kujishika. Ukiacha tundu la dirisha, uzito wa ukuta ulio juu hukwepa kando na kushukia pande mbili, kama maji yanavyolikwepa jiwe mtoni. Kinachobaki juu ya tundu ni pembe tatu ya mawe yasiyo na pa kuegemea, na hiyo ndiyo kazi ya linta: kuichukua pembe tatu hiyo na kuipeleka kushoto na kulia. Linta lenyewe lazima lilale juu ya ukuta inchi 6 kila upande, nami hupendelea 8. Likiingia inchi 2 tu, jiwe lililo chini ya ncha yake husagika, ncha ikashuka kidogo, na ufa ukaanzia papo hapo pembeni. Ndiyo maana plasta haikusaidii.

Bandua plasta kwenye pembe ile uone linta linaishia wapi. Ukikuta ufa mwingine unalala kwa urefu chini ya linta, una madoa ya kutu, hilo ni tatizo jingine: nondo zinaoza ndani. Huku kwetu ni jambo la kawaida, hasa aliyejenga akiwa amechanganya zege kwa mchanga wa baharini. Chuma kikiota kutu huvimba na kulipasua zege. Linta hilo halipakwi rangi, linabadilishwa. Na ufa ukiwa mpana juu na mwembamba chini, tena unaendelea chini ya dirisha hadi sakafuni, acha linta, angalia msingi.

Shikamoo mzee. Nataka kuvunja ukuta kati ya sebule na chumba nipate ukumbi mmoja. Juu ni slabu, tunangoja kupandisha ghorofa. Fundi asema huo ni ukuta wa kugawa tu. (Mama Zuhura, Kisauni)

Marahaba mwanangu. Mwambie fundi wako aiweke nyundo chini kwanza.

Ukuta wa kugawa ni ule ambao ukiuondoa hakuna kinachobaki hewani. Wako umefika hadi slabu na umejengwa kwa mawe yale yale ya kuta za nje. Chimba kidogo kando yake: ukikuta una msingi wake, ujue aliyejenga alikusudia ubebe. Hata ungekuwa hauna msingi, slabu iliyokaa juu yake miaka kadhaa huenda imekwisha uegemea.

Tufanye hesabu ya kukadiria. Tuseme kila chumba kina upana wa mita 3 na slabu ni ya inchi 6. Zege lenye nondo lina uzito wa kama kilo 2,400 kwa mita ya ujazo, basi mita moja ya mraba ya slabu ni kilo 360. Ongeza kilo 100 za plasta na sakafu ya juu, na 150 za watu na vyombo, kwa kuwa unataka kupandisha. Zinakuwa kilo 610. Ukuta wa kati hupokea nusu ya chumba hiki na nusu ya kile, yaani ukanda wa mita 3. Kila mita moja ya ukuta huo, basi, inabeba zaidi ya kilo 1,800, na hapo sijatia kuta za ghorofa yenyewe. Ukifungua mita 3, unatafutia njia mpya karibu tani 5 na nusu.

Tani hizo zilikuwa zikishuka taratibu kwa urefu wote wa ukuta, zikatandazwa na msingi. Ukiweka boriti ya zege au ya chuma, zote zitakwenda kwenye ncha mbili, karibu tani 2 na robo tatu kila moja. Niliwahi kuitwa nyumba moja Likoni ambako boriti ilikuwa nzuri, nondo za kutosha, lakini ncha zake zilikalishwa juu ya mawe ya ukuta wa zamani. Boriti haikuwa na neno. Mawe ya chini yake ndiyo yaliyopasuka. Kila ncha yataka nguzo, na nguzo hiyo iteremke hadi kwenye kitako chake ardhini. Isiishie juu ya sakafu, maana sakafu ya inchi 4 haikutengenezwa kuchomwa na mguu mmoja wenye tani karibu 3.

Kuna jambo lisiloonekana kwa macho. Slabu ikipita juu ya ukuta hujivuta upande wa juu, kwa hiyo nondo za mahali hapo huwekwa juu. Katikati ya chumba hujivuta chini, nondo zikawekwa chini. Ukiondoa ukuta bila kuweka boriti, pale palipokuwa na nondo juu sasa panavutwa kwa chini, na huko chini huenda hakuna chuma cha kutosha. Slabu haianguki siku hiyo. Hulegea kidogo kidogo, milango ya jirani inaanza kukwama, kisha ufa unatokea darini.

Mtafute mhandisi aliyesajiliwa akupigie hesabu ya boriti, nguzo na vitako, na upate kibali cha kaunti. Slabu itegemezwe pande zote mbili kabla jiwe la kwanza halijatoka, na nguzo za muda zisiondolewe mpaka zege lifike siku 28. Nafasi kati ya boriti na slabu ijazwe chokaa kikavu cha simiti kilichoshindiliwa, la sivyo slabu itashuka kuitafuta boriti.

Wazee wa Mji wa Kale walilijua hili bila karatasi. Vyumba vyao ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazifiki mbali, kama mita 3 hivi, na ukuta wa juu unasimama juu ya ukuta wa chini.

Ami, kusi ya mwaka jana ilininyanyulia mabati upande mmoja pamoja na mbao zake. Mafundi wasema niongeze misumari. (Likoni)

Paa la mabati na mbao zake ni kama kilo 20 kwa mita ya mraba. Upepo wa kilomita 100 kwa saa unaweza kulivuta kwa zaidi ya kilo 40, na kwenye kingo huzidi. Hapo safari ya mzigo inageuka, inapanda badala ya kushuka, na msumari uliopigwa wima huchomoka. Mbao zako zimeng'oka pamoja na bati, kwa hiyo pengo liko chini: kombamoyo halikufungwa kwenye ringi bimu. Lifunge kwa mkanda wa chuma uliopakwa zinki unaozunguka mbao na kushikwa ndani ya zege. Chumvi hula waya mwembamba upesi.

Jirani anachimba shimo la choo futi 4 kutoka ukuta wangu. Asema atashuka futi 12. Nimwache? (Changamwe)

Uzito ukifika kwenye kitako cha msingi hautui hapo. Huendelea kutanuka ardhini kwa mshazari. Kama msingi wako uko futi 3 chini, shimo litapita kitako kwa futi 9. Kwa udongo wa kawaida, ningetaka shimo liwe mbali angalau kiasi hicho hicho, futi 9 kutoka ukingo wa msingi. Futi 4 ni kuondoa ardhi inayokubeba, na maji ya choo yataulainisha ule uliobaki. Mwamba wa matumbawe ukiwa mzima huvumilia zaidi, lakini mara nyingi una mapango ndani. Mwombe asimame kabla hajapita futi 3, kina cha msingi wako, na ahamishe shimo upande wa pili wa kiwanja chake.